Mkanda wa jeshi: mnamtenga nani na nani?

Swali la wiki: "Mtu akitoka mkanda wa jeshi, ni sahihi kumtenga na wenzake nyumbani, au ni hofu tu ya watu?"

Mhariri, swali lenu limenigusa pabaya. Huku kwetu Moshi mgonjwa wa mkanda wa jeshi hupewa sahani yake na kikombe chake kabla hajapewa kidonge hata kimoja. Kwa hiyo msimamo wangu uko wazi: asitengwe. Familia ingeanza kwa kuuliza upele ulianza kutoka siku gani na saa ngapi, maana dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokeze. Saa hizo ndizo zinazopotea wakati watu wanagombania nani alale na nani.

Chukueni mfano wa mama mmoja wa Kibosho, miaka 63, muuza ndizi Mbuyuni, aliyefika zahanati akiwa ameshika ubavu. Jumapili alianza kusikia moto chini ya titi la kulia, ukizunguka hadi mgongoni karibu na uti. Ngozi ilikuwa safi, haina hata kipele. Akadhani ni mikungu aliyobeba. Duka la dawa wakampa diklofenaki, akanywa, moto ukabaki pale pale. Wapo wanaofikia hatua hii wakapimwa moyo, nyongo au figo na kuambiwa wako sawa, kwa sababu maumivu hutangulia upele kwa siku moja hadi tano hivi, na kabla ya upele hakuna cha kuona. Dalili ya kushika ni hii: ngozi yenyewe inauma au inawasha ikiguswa na nguo tu, tena upande mmoja.

Jumatano jioni vikatokea vipele vyekundu. Nyumbani wakasema mdudu amemkojolea, wakampaka dawa ya meno. Sawa, kuna mdudu mwekundu na mweusi ambaye ukimsagia mwilini anababua kweli. Lakini yeye hatangulizi maumivu ya siku tatu, na alama yake hufuata pale alipoburuzwa, hata kama ni kukatisha katikati ya kifua. Alhamisi vile vya mama vilikuwa malengelenge ya maji maangavu, yamejikusanya kwa mafungu juu ya wekundu, kutoka mgongoni kufuata ubavu hadi chini ya titi, na yakakomea mbele kwenye mstari wa kati kana kwamba yamekatwa na rula.

Mkato huo ndio unaoeleza ugonjwa mzima. Utotoni mama huyu aliugua tetekuwanga. Vipele vilipopona, virusi havikuisha mwilini. Vilipanda kwenye neva za ngozi hadi kwenye mafundo ya neva yaliyo kando ya uti wa mgongo, vikajificha humo miaka hamsini na zaidi bila kumsumbua. Kinga ya mwili ndiyo iliyovizuia humo. Kinga hiyo hupungua kwa umri, hasa baada ya miaka 50, pia kwa VVU, saratani na dawa zake, au dawa za kupunguza kinga zikitumiwa muda mrefu. Ikipungua, virusi huamka katika fundo moja, huzaliana, na kushuka na neva ile ile hadi kwenye ngozi. Neva ikivimba ndipo moto unaposikika, na virusi vikifika kwenye ngozi ndipo malengelenge yanapotoka. Kila neva ya kifua ina upande wake na eneo lake, ikianzia mgongoni na kufuata ubavu hadi mbele, ndiyo maana upele hauvuki. Kwamba ni virusi vilevile vya tetekuwanga vinavyoamka, daktari mmoja wa kijijini Uingereza, Hope-Simpson, aliliandika mwaka 1965 baada ya kufuatilia wagonjwa wake kwa miaka mingi.

Kwa hiyo ile habari kwamba mkanda ukikutana ncha mtu anakufa, iacheni. Ukweli ulio karibu nayo ni kwamba upele ukitoka pande mbili, au ukasambaa mbali na ukanda wake, kinga imeshuka sana na mtu huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukitoka kwenye paji la uso au ncha ya pua: jicho liko hatarini, msisubiri.

Turudi kwa mama. Ijumaa asubuhi alikuwa zahanati, saa 72 hazijaisha. Aliandikiwa asaiklovia miligramu 800, mara tano kwa siku, siku saba. Duka alilokwenda lilikuwa na vidonge vya miligramu 200. Akapewa 35, akaambiwa kimoja mara tano. Dozi hiyo ipo, ila ni ya malengelenge ya mdomoni na sehemu za siri. Ya mkanda wa jeshi ni vidonge vinne kila mara, yaani 140 kwa wiki. Vikiwa vya miligramu 400 ni viwili kila mara, jumla 70. Hesabuni mkiwa bado kaunta: mkipewa pakiti ndogo ya vidonge 35 vya 200, mmebeba robo ya dawa. Na mrija wa krimu ya asaiklovia hausaidii hapa hata ukiupaka wote, kwa sababu kazi iko kwenye neva.

Jumatatu malengelenge mapya yalikuwa bado yanatoka, ndipo mtoto wake akairudisha pakiti na kosa likaonekana. Saa 72 zilikuwa zimepita, lakini mgonjwa mwenye umri ule ambaye bado anatoa mapya hanyimwi dawa. Akaanza vinne vinne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, halafu analala. Maji anywe ya kutosha, maana dawa hii hutoka kwa figo. Mwenye figo mbovu hupunguziwa dozi na mganga, asijipangie mwenyewe. Malengelenge yalioshwa kwa maji na sabuni ya kawaida, yakakaushwa kwa kugusa na kufunikwa na gozi kavu. Hakupakwa majivu wala dawa ya zambarau. Ile zambarau inaficha wekundu, na usaha ukianza mtu anachelewa kuuona.

Baada ya wiki moja yalikuwa vigaga, wiki ya nne ngozi imefunga. Maumivu yakabaki. Zaidi ya miezi mitatu kanga ikimgusa ubavuni anaruka, na kilichomtuliza ni amitriptilini kidogo usiku, si panado. Na hapa lazima nipunguze ukali wangu kuhusu saa. Ningependa kusema lile duka ndilo lililomletea maumivu hayo, lakini siwezi. Asaiklovia ikiwahi hufupisha upele na hupunguza maumivu ya wiki za mwanzo. Kwamba inazuia yale yanayobaki miezi baadaye, haijathibitika. Mwenye zaidi ya miaka 60 anaweza kumeza zote 140 bila kukosea na bado akabaki nayo. Dawa iwahiwe, ila asiahidiwe isichoweza.

Sasa kule kutengwa. Familia hii ilimhamishia mama chumba cha nje karibu na jiko. Chombo chake peke yake, wajukuu wakubwa wakakatazwa kumsalimia, na jirani mmoja akanong'ona kwamba ni "ule ugonjwa". Alipima VVU, hakuwa nao. Katika umri ule miaka peke yake inatosha kuleta mkanda. Kupima bado ni lazima, hasa kwa kijana wa miaka 25 au 30, na hata aliyeanza ARV miezi michache iliyopita anaweza kutoka mkanda wakati kinga inaamka. Lakini kunong'ona si kipimo.

Wale wajukuu wote walishaugua tetekuwanga shuleni. Kwao bibi hakuwa hatari yoyote, kwa sababu mkanda haumpi mtu mkanda. Maji ya malengelenge yakimgusa asiyewahi kuugua, humpa tetekuwanga, basi. Na nani alipewa kazi ya kumwosha na kumfunga? Mkwe, mke wa kijana wa mwisho, kwa kuwa ndiyo heshima. Mimba ya miezi saba, na hakumbuki kuugua tetekuwanga. Katika nchi za joto kama yetu watu wazima wengi hufika ukubwani bila kuipata, kuliko ilivyo Ulaya. Alimwosha bila glavu kuanzia Alhamisi. Wiki ya tatu akapanda homa, akatoka vipele mwili mzima. Mjamzito akiipata, mapafu yanaweza kushambuliwa. Akiipata karibu na kujifungua, mtoto mchanga ndiye anayeumia zaidi. Huyu aliwahi siku ya kwanza ya vipele, akapewa asaiklovia, akapona, na mtoto akazaliwa wiki kadhaa baadaye akiwa mzima.

Kwa hiyo nimeanza na "asitengwe", na nikiisoma habari hii naona siwezi kubaki hapo. Atengwe, lakini na watu wachache tu: mjamzito asiyewahi kuugua, mtoto mchanga, na mwenye kinga iliyoshuka. Muda wake ni mpaka malengelenge yote yawe vigaga vikavu, siku saba hadi kumi kwa kawaida. Wengine wale naye sahani moja ya mtori kama walivyozoea. Malengelenge yaliyofunikwa vizuri huambukiza kidogo sana, mashuka yake yafuliwe kwa sabuni kama mengine, na anayemfunga awe mtu aliyekwisha kuugua. Nasema hivi kwa mkanda wa kiwiliwili kwa mtu mwenye kinga nzuri. Upele uliosambaa mwilini una masharti makali zaidi, na hayo yapangwe hospitali.

Na kama mkwe ameshamgusa, aende kwa mganga siku hiyo hiyo aeleze, asingoje kuona. Kisha ahesabu kuanzia siku ya 10 hadi ya 21. Kipele cha kwanza kikitokea ndani ya siku hizo, apige simu kabla hajaenda, aseme ni nini anachoshuku, ili asije akakalishwa benchi moja na wajawazito wengine wa kliniki.