Kwa nini rudio la tatu la mita 40 linakufa

Msomaji ameuliza: anarudia mita 40 mara sita, mapumziko sekunde 30, na kufikia rudio la tatu miguu haisukumi tena. Mazoezi ya pumzi hayatamsaidia sana hapo. Tatizo lake ni urefu wa mapumziko.

Kilo moja ya misuli iliyopumzika ina kama milimoli 5 au 6 za ATP, molekuli ambayo misuli huivunja kupata nguvu. Ukitoka kwa nguvu zote, unatumia karibu milimoli 3 kwa sekunde, kwa hiyo akiba hiyo ingeisha katika sekunde 2, kabla hujasimama wima kutoka kwenye mkao wa kuanzia. Haiishi kwa sababu kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi kinachukua fosfeti kutoka kwenye kreatini fosfeti na kuirudisha papo hapo kwenye ADP, yaani ATP iliyopoteza fosfeti moja. Hapa PCr ni kreatini fosfeti na Cr ni kreatini:

```
PCr + ADP + H+ ⇌ ATP + Cr
```

Kreatini fosfeti nayo ni kama milimoli 20 kwa kilo. Sekunde 6 za kasi kamili hula karibu nusu yake. Inajazwa upya wakati wa mapumziko tu, kwa ATP inayotengenezwa kwa oksijeni. Chukua kwamba kila dakika inaziba nusu ya pengo. Rudio la kwanza linakuacha na milimoli 10. Baada ya sekunde 30 umefika 13 tu. La pili likila 8, unabaki na 5, na la tatu unalianza na 9 au 10. Ndiyo ile miguu mizito.

Kreatini fosfeti ikipungua, ADP inaanza kulundikana, na hapo adenileti kinasi, kimeng'enya kingine, inaingia kazini:

```
2 ADP ⇌ ATP + AMP
```

Inaokoa ATP moja kutoka kwenye ADP mbili, lakini kazi yake kubwa ni kuizuia ADP isipande, maana ADP nyingi huipunguzia ATP nguvu inayotoa inapovunjwa. AMP, iliyobaki na fosfeti moja tu, nayo huchochea uvunjaji wa glaikojeni, sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli. AMP ikizidi, hugeuzwa kuwa molekuli nyingine, IMP, na amonia ikatoka. Huo ni mkopo wenye riba: kuirudisha IMP kuwa ATP kuna njia ndefu kuliko kujaza kreatini fosfeti.

Basi pumzika dakika 3 hadi 4 kati ya marudio. Kwa hesabu ile ile, dakika 3 zinakufikisha karibu 19. Tembea polepole, ukikimbia taratibu unaila oksijeni ambayo kreatini inaisubiri. Na pima kwa saa, usipime kwa pumzi, kwani pumzi hutulia mapema na kukudanganya. Ukianza na sekunde 5.6 na rudio likatoka 5.9, ongeza dakika moja, likirudi 5.9 tena, funga mazoezi ya kasi siku hiyo.

Kreatini ya unga, gramu 3 kwa siku kwa wiki nne, huongeza akiba kwa wengi, ila si kwa wote. Hata hivyo, ukibaki na sekunde 30 utaimaliza hiyo nyongeza kwenye rudio la kwanza na la pili.