Mtoto baridi si mtoto mzima: kwa mnaoanza wodi ya utapiamlo

Ninyi mnaoanza zamu wodi ya watoto hapa Kisumu mmezoea kwamba mtoto mwenye maambukizi huchemka mwili. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, homa hiyo mnaweza kuingoja mpaka afe.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpokea mvulana wa miezi 20 kutoka upande wa Ahero. Miguu yote miwili ilikuwa imevimba, na nikibonyeza kwa kidole gumba shimo linabaki. Mkanda wa kupimia mkono ulisoma sentimita 11.2, na chini ya 11.5 ndipo palipo na rangi nyekundu. Mama yake alimwachisha kunyonya aliposhika mimba nyingine, na tangu hapo mtoto aliishi kwa uji mweupe na ugali wa mchuzi wa omena. Mchuzi tu, omena wenyewe waliliwa na wakubwa, kwa kuogopa miiba. Joto lilikuwa nyuzi 36.1, hakohoi, na kifua nilikisikia safi. Nikaandika kwenye faili kwamba hana dalili za maambukizi, nikaacha sindano zingoje daktari wa asubuhi.

Saa kumi alfajiri mama akaniita: "Sista, mbona miguu yake ni baridi kama samaki?" Kipimajoto kilisoma 35.1. Sukari ya damu ilikuwa milimoli 2.4 kwa lita, na chini ya 3 kwa mtoto kama huyu ni hatari. Kulipokucha, picha ya kifua ilionyesha nimonia pafu la kulia.

Homa ni kazi, na kazi hula nguvu. Chembe nyeupe za damu ndizo hutuma ujumbe unaoupandisha mwili joto, nazo mtoto huyu hana akiba ya kuziendesha. Tezi ya thaimasi iliyo kifuani, mahali zinapokomaa seli T, zile chembe nyeupe zinazoongoza kinga ya mwili, hunywea sana mtoto anapokosa chakula, na upungufu wa zinki huinyausha zaidi. Ini nalo hupunguza zile protini za damu zinazotia vijidudu alama ili vimezwe. Hata kuta za nje hulegea: bila vitamini A, utando laini wa njia ya hewa na wa utumbo hukauka na kuwa mgumu, na bakteria wa utumboni hupenya hadi kwenye damu. Kisha kuhara kunatoa zinki nyingine, na mtoto anazidi kudhoofika. Ndiyo maana hata kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kinaweza kusoma hasi kwa mtoto anayeugua: uvimbe unaosubiriwa mkononi huletwa na seli T zilezile alizopungukiwa.

Kwa hiyo wodini hatuulizi kama ana maambukizi. Tunachukulia anayo. Mvulana yule alipewa mililita 50 za glukosi ya asilimia 10 kwa mpira wa pua, akavuliwa na kuwekwa kifuani kwa mama, blanketi juu yao wote wawili, kisha ampisilini na jentamaisini. Alikuwa na kilo 7, na uvimbe wake haukuwa umepanda mwili mzima, hivyo maziwa ya F-75 yalikuwa mililita 130 kwa kila kilo kwa siku: 910, yaani takriban 75 kila baada ya saa mbili, usiku pia. Usiku ndipo wengi wetu hulegea, na sukari hushuka usiku.

Msimshindilie mayai na nyama siku ya kwanza eti amekosa protini. Ini lake bado haliziwezi, ndiyo maana F-75 ina protini kidogo.

Kosa jingine huja matokeo ya damu yakirudi. Hemoglobini yake ilikuwa 7.8, na mwenzangu akaiona akaenda moja kwa moja kuandika madini ya chuma. Nilimzuia. Protini inayobeba chuma kwenye damu huwa imepungua, na chuma kisicho na mbebaji ni chakula cha bakteria. Subirini mpaka maambukizi yatulie, hamu ya kula irudi na uzito uanze kupanda. Na akihamia kwenye pakiti za lishe ya njugu, zina chuma na zinki ndani tayari, msiongeze vidonge.

Siku ya tisa, uvimbe wa miguu ukiwa umekwisha, joto lilifika 38.3. Mama alilia, akidhani tunarudi nyuma. Nilifungua bandeji ya mkono palipokuwa na sindano ya mishipa: pamevimba, pekundu, pana usaha. Lilikuwa kosa letu, kanula ilikaa mno. Tulilipasua jipu na kubadilisha dawa. Lakini wiki moja kabla, mkono ule ungeoza bila hata kuwa mwekundu.