Kumwandikia bosi kitabu: malipo, sauti na jina

*Yaya, mhandisi mmoja wa migodi hapa Lubumbashi ameniomba nimwandikie kitabu cha maisha yake, kitoke kwa jina lake. Wiki nzima yuko Kolwezi. Anasema atanipa nusu ya mauzo kitabu kikishatoka. Nikubali? Na mtu asiye na muda nitamhoji vipi? — Mwalimu, Kamalondo*

Nusu ya mauzo usikubali, mdogo wangu. Tuseme zinachapwa nakala 300, kila moja inagharimu dola 4 na kuuzwa 10. Hata zikiisha zote, gharama ya kuchapa ikitolewa kwanza, zinabaki dola 1,800, yako 900. Lakini haziishi. Vitabu vya namna hii vingi hugawiwa bure kwa wakwe, wafanyakazi wenzake na wageni wa siku ya uzinduzi. Isitoshe, siku ya kuchapa anaichagua yeye, na akibadili nia wewe umeshamaliza kazi yako.

Mtajie bei moja, ilipwe kwa awamu, na kila awamu ifuate kazi unayokabidhi wewe. Mkielewana dola 3,000, kwa mfano: 750 siku ya kutia sahihi, 750 akiikubali sura ya majaribio, 900 ukimpa rasimu nzima, 600 baada ya masahihisho. Andikeni pia kwamba masahihisho ni duru mbili, na kwamba akikaa na rasimu siku 30 bila kujibu, itahesabiwa kuwa ameikubali. Wateja wengi hawakatai kulipa; wanachelewa kusoma tu, na mwandishi anabaki ananing'inia.

Saa za mahojiano nazo ziwe na kikomo. Kitabu cha maneno 40,000 hivi kinahitaji kama saa 20 za mazungumzo. Kila saa ya sauti hula saa nne au zaidi kuiandika neno kwa neno, hasa mtu akichanganya Kiswahili na Kifaransa huku malori yanapita. Hiyo ni kazi ya saa 80 kabla hujaandika sentensi ya kwanza ya kitabu, na bei yako lazima iihesabu.

Kwa kuwa anarudi Lubumbashi mwisho wa wiki, omba dakika 90 Jumamosi asubuhi, kabla wageni hawajaanza kuingia. Siku moja kabla mtumie maswali matatu tu. Usimwambie “nisimulie maisha yako”, atakupa hotuba. Mwambie alete kitu: picha ya zamani, karatasi ya mshahara wa kwanza, kofia ya kazi. Muulize nani alikuwa amesimama pembeni yake pale, na walikula nini siku hiyo. Katikati ya wiki ajazie mapengo kwa sauti za WhatsApp. Rekodi kwa vifaa viwili, vyote vikiwa na chaji, maana umeme wetu unaujua.

Sasa sauti yake, na hapa ndipo waandishi wengi wanapoharibu. Tuseme amekwambia: “Ile siku ya kwanza niliingiaka mu mugodi na mabuti ya deni.” Mwandishi anayetaka kuonekana msomi ataandika: “Nilianza safari yangu katika sekta ya madini nikikabiliwa na changamoto za kifedha.” Mhandisi ametoweka, na mabuti yametoweka. Andika: “Siku ya kwanza niliingia mgodini na mabuti ya deni.” Umesawazisha sarufi, ila kitu alichokitaja na mpangilio wake havikuguswa. Unapoandika mahojiano, weka orodha ya maneno anayoyarudia, namna anavyotania, na anavyokwepa jambo linalomuuma. Sura ya majaribio isomwe kwa sauti mbele ya mke wake au ndugu yake. Wakicheka mahali ambapo yeye hucheka, umempata. Wakisema “imeandikwa vizuri sana” na kunyamaza, rudi kwenye rekodi.

Kuhusu jina, kuna njia tatu: jina lako chini ya lake kwenye jalada, jina lako kwenye shukrani, au usitajwe kabisa. Ya tatu iwe ghali zaidi, kwani kitabu hicho hutaweza kumwonyesha mteja mwingine. Hapa kwetu Kongo, Sheria-amri ya haki za waandishi, Na. 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inatenganisha haki ya mwandishi kutambuliwa na haki ya kuuza kazi yake. Ile ya kwanza haiuziki; unachoweza kumpa ni ahadi ya kunyamaza. Ile ya pili iandikwe kwamba inahamia kwake siku malipo ya mwisho yanapopokelewa, si siku ya kutia sahihi.

Ongeza kifungu kinachosema ukweli wa habari na siri za kampuni ni jukumu lake. Wahandisi wa migodi wanajua mengi kuhusu waajiri wao, na wakishazoea kinasa sauti husahau kwamba kinanasa.