Kuhani wa Kike kwa mpenzi asiyefunguka

“Karata tatu za tarot: kwangu Mbili ya Vikombe, kwake Kuhani wa Kike, kati yetu Nne ya Vikombe. Je, ana mwingine?” – Dada wa Buruburu

Dada yangu, Kuhani peke yake hathibitishi usaliti. Katika mchoro wa Pamela Colman Smith wa 1909, ameketi mbele ya pazia la makomamanga, na hati aliyoishika imefunikwa nusu na joho: kipo anachokijua ila hajakisema. Ningeshuku uongo kama kando yake pangetokea Saba ya Mapanga, yule anayenyata na silaha za wenyewe. Lakini Nne ya Vikombe inaonyesha kijana aliyekunja mikono, asiyekitazama kikombe anachopewa, kwa hiyo ninasoma mtu aliyejifunga. Siri yenyewe karata haiitaji. Muulize mwenyewe, mkiwa wawili nyumbani (si ndani ya matatu), wala usivute karata ya nne.