Kikomo cha bahati nasibu: nijiwekee shilingi ngapi?

Swali: Mimi ni mwanabodaboda hapa Kondele, Kisumu. Nacheza bahati nasibu ya redio shilingi 50 karibu kila siku, na Jumamosi naongeza kidogo. Mama watoto anasema nimeanza kupotea, mimi naona ni starehe tu kama soda. Nijiwekee kikomo cha shilingi ngapi, na nitajuaje kama imeshakuwa shida?

Jibu la mshauri nasaha: Ndugu yangu, kabla ya kutaja kikomo tujue kwanza unatoa ngapi sasa, na usihesabu kwa kichwa. Piga *334#, ingia kwenye akaunti yako, uombe taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu iliyopita. Jumlisha kila shilingi iliyokwenda kwenye michezo. Tuseme mwezi mmoja umetoa 3,400 na zikakurudia 1,100. Wateja wangu wengi hapo huniambia wametumia 2,300. Kwa hasara, ni kweli. Kwa kikomo, andika 3,400, kwa sababu ile 1,100 haukujua kama itakuja, na mara nyingi ilipokuja ilirudi redioni jioni ileile. Kikomo huhesabiwa kwa pesa inayotoka mfukoni, ushindi usiiguse hesabu hiyo.

Sasa kiwango. Wataalamu wa Kanada walitoa mwongozo ambao nami hupenda kuutumia: usizidishe asilimia 1 ya mapato ya nyumba kwa mwezi, usicheze zaidi ya siku 4 kwa mwezi, na usiwe na zoea la michezo ya aina zaidi ya mbili. Ikiwa baada ya mafuta na hesabu ya mwenye pikipiki unabaki na 15,000, na nyumbani hakuna mapato mengine, asilimia 1 ni 150. Yaani tiketi tatu za 50, basi. Najua steji nzima itacheka. Lakini linganisha 150 na 3,400, utaona kwa nini mama watoto amesema.

Kikomo cha mdomoni hakishiki, hasa kwa mtu ambaye nauli ya abiria, hela ya mafuta na ya tiketi vyote vinakaa kwenye simu moja. Tafuta laini ya pili ambayo hakuna mteja anayeijua. Tarehe mosi weka 150, na usijiunge na Fuliza kwenye laini hiyo. Uchezee hapo tu. Ikiisha tarehe 6, umemaliza mwezi. Ukishinda, hamisha pesa siku hiyohiyo iende kwenye karo au unga.

Hapo ndipo utajua kama ni shida, kwa sababu kikomo ni kipimo pia. Kukivuka mara moja hakunitishi sana. Ninachokiangalia ni kinachofuata. Kuna anayesema, "Basi mwezi huu," akaacha. Kuna anayepandisha kikomo katikati ya mwezi na sababu nzuri mdomoni: kesho lazima itoke, nimekaribia, nirudishe tu iliyopotea. Huko kufukuzia hasara ndiko naogopa kuliko kiasi chenyewe. Droo haikumbuki uliyokosa jana. Katika mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49, nafasi ya kupata zote ni 1 kati ya 13,983,816, na inabaki hivyo hata kama umekosa mwaka mzima.

Angalia pia mikopo, maana hujificha. Ukikopa Fuliza ya mafuta asubuhi kwa sababu hela ya mafuta ilikwenda redioni jana usiku, deni hilo ni la bahati nasibu hata kama taarifa inaonyesha petroli. Mwisho, jiulize kama unafuta ujumbe wa M-Pesa kabla ya kufika nyumbani, na kama siku usiyocheza unakuwa na hasira na watu bila sababu. Hakuna anayefuta ujumbe wa kununua soda.

Ukijikuta unafukuzia hasara, unakopa au unaficha, sahau ile asilimia 1, maana mwongozo ule haukuandikwa kwa aliyekwisha zama. Kikomo chako ni sufuri, na ile laini ya pili iache. Laini ya kazi mpe mama watoto aishike jioni ukishafunga kazi, naye aone taarifa ya miezi mitatu kama ilivyo, bila wewe kuichambua kwanza. Halafu piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, uombe mshauri, au nenda hospitali ya rufaa uulize kliniki ya afya ya akili. Waambie ni kamari, usiseme ni mawazo tu, maana ukisema mawazo watatibu usingizi na tiketi zitaendelea.