Barua kwa mwanangu: salamu za kuzaliwa kwa binti mwenye haya

"Mama, Jumamosi binti yangu anatimiza miaka 14. Salamu nilizomwandikia mwaka jana zilimtia aibu hata akanuna siku nzima. Nimekutumia rasimu ya safari hii. Nataka ziwe nyepesi na zenye upendo, lakini nisionekane najifanya kijana."

Mwanangu mpendwa,

Rasimu yako nimeisoma mara mbili. Upendo umo tele, ila maneno yanauficha. Umeandika: "Hepi bethidei mrembo wangu, wewe ni noma sana! Jana tu nilikuwa nakubadilisha nepi, leo umeshakuwa mwali! Soma kwa bidii utufute machozi." Kisha umeambatanisha picha yake akiogeshwa kwenye beseni, ukakusudia kuituma kwenye kundi la familia.

Anza na hilo kundi, kwa maana ndilo linaloyafanya mengine yote yaume zaidi. Mtoto wa umri huo huhisi kwamba kila jicho linamtazama yeye. Mwanasaikolojia David Elkind alilieleza jambo hili mwaka 1967, akasema kijana hujiundia akilini hadhira inayomkagua kila anapopita. Ukimwandikia kundini, hadhira hiyo inakuwa ya kweli, na kila shangazi atakayeongeza neno anairefusha aibu yake. Mwandikie kwenye simu yake, yeye peke yake. Wengine wakimpongeza kundini, nawe andika "Heri ya siku ya kuzaliwa, mwanangu" uishie hapo, maana kunyamaza kabisa nako angekuona.

Neno "noma" liondoe. Halina ubaya lolote vinywani mwa wenyewe, lakini misimu ya vijana hubadilika upesi, na mtu mzima huipata ikiwa imeshachakaa. Hata ungeipata ikiwa mpya, binti yako angeanza kujiuliza mama yake ameitoa wapi, na salamu zenyewe zingempita. Kiswahili chako cha kila siku, kile unachomwitia mezani, ndicho anachokiamini. "Mwali" na "mrembo" pia viache, kwa sababu vinamrudisha kwenye mwili wake, nao ndio unaomtia haya kuliko kitu chochote siku hizi. Nepi na beseni vinamrudisha utotoni, mahali anapojitahidi kutoka. Habari ya kusoma kwa bidii ina siku zake. Ukiiweka hapa, ataona kwamba pongezi zilikuwa njia tu ya kumfikishia agizo.

Utauliza kinachobaki. Kinabaki kitu kimoja kidogo ulichokiona kwa macho yako katika siku za karibuni, ambacho yeye hakujua kwamba umekiona. Barua yako ya mwezi uliopita ilinisimulia jinsi alivyomfundisha mdogo wake kufunga kamba za viatu. Kisa hicho kinatosha. Kinasifu alichokitenda wala hakimsifu kwa jumla, na ndiyo maana hatakikwepa: akiambiwa kwamba yeye ni mtoto mzuri anaweza kukataa moyoni, lakini kamba alizifundisha kweli. Mimi ningeandika hivi:

"Heri ya siku ya kuzaliwa, mwanangu. Umetimiza miaka 14. Siku ile ulipokuwa ukimfundisha mdogo wako kufunga kamba za viatu, nilikuwa nimesimama mlangoni, nikakusikia ukirudia mara nne bila kumpandishia sauti. Sasa anafunga mafundo ambayo hakuna mtu nyumbani anayeweza kuyafungua. Ninafurahi sana kuwa mama yako. Usihangaike kunijibu, tutaonana jioni."

Wepesi wote umo katika sentensi ya mafundo, nayo inachekesha bila kumcheka yeye. Upendo umesemwa mara moja, waziwazi, bila alama za mshangao wala safu ya mioyo. Sentensi ya mwisho usiifute, ingawa inaonekana ndogo, kwa kuwa inamwondolea mzigo wa kutafuta jibu linalolingana na maneno yako. Itume asubuhi kabla hajatoka chumbani, wala usiitume akiwa kati ya wenzake, ambao wanaweza kuisoma juu ya bega lake.

Akijibu kwa "asante" tupu, au kwa kidole gumba, pokea hivyo hivyo. Hiyo haina maana kwamba umekosea. Ukikosea utajua kwa namna nyingine: atakuomba uifute, au atakuwa mkali kwa jambo lisilohusiana nayo kabisa. Na kama mmegombana wiki hii, usiingize msamaha ndani ya salamu hizi. Mwombe radhi uso kwa uso kabla ya Jumamosi.

Picha ya beseni nitumie mimi.

Mama yako