Kumnasa mwandishi ambaye hakusoma chanzo

"Napitia tasnifu ya mdogo wangu kabla hajaikabidhi. Nitajuaje kama vyanzo alivyotaja amevisoma kweli?"

Dada, tazama anavyokiita chanzo. Hapa Dar mwanafunzi mmoja aliniletea sura iliyosema "utafiti mpana wa Porter na Jick (1980)" ulithibitisha kuwa chini ya asilimia 1 ya wagonjwa huwa waraibu wa dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Nikakifungua. Ni barua ya aya moja kwenye New England Journal of Medicine, juzuu 302, ukurasa 123. Inataja wagonjwa 11,882 waliopewa dawa hizo, na wanne waliopata uraibu. Wote walikuwa wamelazwa hospitalini, si watu wanaomeza vidonge nyumbani kwa miezi. Aliyeisoma hawezi kuiita utafiti mpana. Kijana alikiri ameitoa kwenye makala nyingine, na hilo linaniuma, maana kosa hilohilo limenakiliwa miaka mingi.

Kwa hiyo chagua rejea zinazobeba hoja kuu, mwambie azifungue mbele yako, akuonyeshe sentensi yenyewe. Asichoweza kukipata kabisa aandike "kama ilivyonukuliwa na", amtaje aliyemsoma.